Jua liko upande gani? Kumwagiza mchoraji wa akili unde chumba cha hoteli kinachotazama bahari

Agizo linaloandikwa mara nyingi kwa programu za kuchora picha ni kama hili: chumba cha hoteli kinachotazama bahari, mwanga wa dhahabu, hali ya kukaribisha. Picha hutoka kwa sekunde chache, nayo hupendeza kwa mtupo wa kwanza wa jicho. Ukiitazama tena utakuta bahari ya samawati kali kama ya adhuhuri chini ya mbingu ya machweo, taulo zilizokunjwa kama bata maji, glasi mbili za kinywaji, na kipande cha mwanga kimelala sakafuni karibu na dirisha kana kwamba jua liko juu sana. Kila kitu kizuri kimo, lakini hakuna kinachoafikiana na mwenzake. Nashikilia kwamba kosa halianzii kwenye programu. Linaanzia kwenye agizo, kwa sababu maneno yale matatu yanataja matokeo bila kutaja visababishi vyake, na kisababishi cha kwanza, kinachoamua vingine vyote, ni mahali jua lilipo.

Programu hizi zimefunzwa kwa mamilioni ya picha, kila moja ikiwa na maelezo yake mafupi. Kutokana nazo hujifunza ni maumbo na rangi gani huandamana na neno gani, kisha nyingi kati yake huanza na picha ya chengachenga tupu na kuisafisha hatua kwa hatua mpaka ifanane na maneno zilizopewa. Ndani yake hakuna jua linalozunguka wala maji yanayoakisi. Ukiandika neno la jumla, programu inakupa wastani wa picha zote zilizowahi kuitwa kwa neno hilo, na wastani wa picha za hoteli za pwani ni vipeperushi vya watalii vilivyopigwa mchana wa jua kali. Ndiyo maana samawati ile hujipenyeza hata pale ulipoomba machweo. Imeletwa na neno bahari, wala haikushauriana na neno dhahabu.

Tuchukue mahali halisi. Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, chumba cha ghorofa ya chini chenye dirisha linalotazama Bahari ya Hindi. Anayeagiza "machweo baharini" kwa chumba hicho ameagiza kisichowezekana, maana jioni jua huzama nyuma ya nyumba, upande wa bara. Chumba kinakuwa kivulini na kivuli cha paa kinaangukia ufukweni. Machweo ya baharini ni ya Kendwa au ya Mji Mkongwe, kunakotazama magharibi. Jambiani, kama Paje na kama Diani kule Kenya, mwanga wa dhahabu unaoingia chumbani kutoka baharini ni wa asubuhi, mara jua linapochomoza, saa kumi na mbili na kitu. Hata upande linakotokea hubadilika kwa msimu. Kwa anayetazama mashariki, mwezi wa Juni jua huchomoza kushoto kwake na mwezi wa Desemba kulia kwake, takriban nyuzi 23 kila upande. Hili si jambo dogo kwa mchoraji. Jua likiwa katikati ya dirisha, kila kinachomkabili mtazamaji kinageuka giza. Likiwa pembeni, nje ya fremu, mwanga hupita juu ya kitanda kwa mshazari na kuonyesha mikunjo ya shuka na nakshi za mbao.

Baada ya upande huja kimo. Karibu na ikweta jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo kutoka upeo wa macho hadi nyuzi 6 linachukua dakika kama 24 tu. Katika kimo hicho mwanga unaingia karibu sambamba na sakafu. Katika chumba chenye kina cha mita 5, mwale unaoingia kwenye kizingiti cha juu cha dirisha, mita 2 kutoka chini, unashuka nusu mita tu kabla ya kugonga ukuta wa ndani. Kwa hiyo alama ya mwanga wa dhahabu ni bango la rangi ya chungwa ukutani, karibu na usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, likiwa na vivuli virefu vya fremu na mapazia. Kipande cha mwanga kilichobaki sakafuni karibu na dirisha ni cha saa nne au tano asubuhi, hata kikipakwa rangi ya asali. Mtazamaji hana haja ya kujua hesabu hii ili aione kasoro. Ataona tu kwamba chumba kinafanana na jukwaa lililowashiwa taa.

Bahari nayo hufuata kimo hicho hicho. Samawati inayosifika Zanzibar hutokea jua likiwa juu, mwanga unapozama katika maji machache, ukagonga mchanga mweupe na kurudi. Jua likiwa chini, sehemu kubwa ya mwanga huteleza juu ya uso wa maji bila kuzama, na bahari hugeuka rangi ya fedha yenye mstari wa dhahabu kuelekea jua. Anayetaka samawati na dhahabu pamoja anataka nyakati mbili za siku katika picha moja, na lazima achague. Upande huu wa Unguja kuna jambo la kuongeza: maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana na kuacha mchanga, vidimbwi na vijiti vya wakulima wa mwani. Programu haijui bamvua wala maji mafu. Usiposema maji yamejaa, itakupa bahari ya popote, na ukitaka yaliyokupwa itakubidi uyaeleze wazi.

Ndani ya chumba kuna tatizo ambalo wapigapicha wa nyumba wanalijua vizuri. Mchana, nje huwa na mwanga mwingi mno kuliko ndani. Kamera ikipima chumba, dirisha linakuwa weupe mtupu. Ikipima bahari, chumba kinakuwa pango. Saa ya jua la chini ndiyo inayopunguza pengo hilo, na taa ya kando ya kitanda inaweza kuwashwa bila kuonekana kichekesho, kwa sababu rangi ya balbu ya kawaida ya manjano, kama kelvini 2700, iko karibu na rangi ya jua linalochomoza. Kwa hiyo taja taa iliyowaka, lakini moja. Ukitaja taa nyingi, programu itaziwasha zote kwa nguvu na jua litageuka pambo.

Neno la kukaribisha ndilo gumu zaidi, maana ni hisia, na hisia haina umbo. Ukarimu wa chumba unasomeka kwa dalili kwamba kuna mtu aliyemtarajia mgeni: kiti kimegeuzwa kuelekea bahari, sinia ina vikombe viwili, shuka imekunjuliwa pembeni, kanga iliyokunjwa ipo mguuni pa kitanda. Dalili mbili au tatu zinatosha. Zikizidi, chumba kinakuwa duka. Mahali pa kutazamia napo panakaribisha au panafukuza. Picha ya pembe pana sana, inayopigwa kutoka kona karibu na dari, hukipanua chumba lakini hakuna binadamu anayeingia chumbani kwa kupitia dari. Mlangoni, kwenye kimo cha macho, ndipo mgeni anaposimama.

Agizo la chumba chetu cha Jambiani, mwezi wa Juni, linaweza kuandikwa hivi:

```
hotel bedroom seen from the doorway, eye level,
open shutters facing the ocean, early morning,
sun just above the horizon, out of frame on the left,
low warm light crossing the bed to the right wall,
pale gold sea at high tide, bedside lamp on,
white lime walls, carved wooden bed,
tray with two cups, chair turned to the window
```

Nimeliandika kwa Kiingereza kwa sababu maelezo ya picha zilizofunzia programu nyingi yalikuwa ya lugha hiyo kwa wingi. Baadhi zinapokea Kiswahili leo, lakini maneno kama boriti, chokaa au baraza yanaweza kupotea njiani. Urefu wa agizo nao una sababu. Matoleo ya kwanza ya Stable Diffusion, yaliyotoka 2022, yalisoma vipande vya maneno kama 75 tu na kuacha vilivyozidi, kwa hiyo jua limetangulia na sinia imefuata mwishoni. Wala hakuna kukanusha popote. Ukiandika kwamba hutaki watu, mara nyingi watu ndio watakaotokea, kwa sababu neno lenyewe limeshatajwa. Baadhi ya programu zina mahali pa pekee pa kuandika usivyovitaka.

Wapo watakaosema kwamba programu mpya hupanua agizo fupi zenyewe, hivyo jasho hili ni bure. Ni kweli zinapanua, lakini kwa wastani ule ule, zikijaza maneno mengi mazuri pale palipokuwa na machache. Haziwezi kujua dirisha lako linatazama wapi usipoziambia. Wengine watasema mtazamaji hajali kivuli kimelala upande gani. Hajali kwa maneno, lakini jicho lake limekua ndani ya vyumba vyenye jua la kweli, na tofauti hiyo hufika kabla hajaweza kuitaja.

Pingamizi zito zaidi ni jingine: kama chumba ni cha hoteli iliyopo, kwa nini tukichore badala ya kukipiga picha? Hapo nakubali moja kwa moja. Picha ya kubuni inafaa kwa mchoro wa jengo ambalo halijajengwa, kwa kumwonyesha fundi samani unachokitaka, au kwa jalada la hadithi. Kumwuzia mgeni chumba kwa dirisha ambalo halipo ni udanganyifu, na kule Kenya, kwa mfano, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu huduma bila kuuliza yametengenezwa kwa kamera au kwa programu. Pia, kadiri agizo linavyokuwa sahihi kuhusu jua, ndivyo picha inavyoweza kudanganya vizuri zaidi, kwa hiyo maandishi yanayosema kwamba ni mchoro yakae juu ya picha yenyewe, mahali pasipokatika inaposambazwa.

Picha ikishatoka, kuna kipimo kimoja cha rula kinachogundua makosa mengi. Chora mstari pale bahari inapokutana na mbingu, ukipita madirisha yote, kisha fuata kingo za kitanda na za mbao za sakafu kuelekea mbali. Mistari hiyo, ikiwa imelala sambamba na ardhi, lazima ikutane kwenye mstari wa bahari, kwa sababu upeo wa macho huwa daima kwenye kimo cha jicho la mtazamaji, awe ghorofa ya chini au ya kumi. Ikikutana juu au chini yake, bahari hiyo imebandikwa dirishani kama kalenda. Rudia kuchora, au shusha ama pandisha kamera kwenye agizo mpaka ilingane.