Cheki imedunda. Swali ni: iko mkononi mwa nani?

Hebu fikiria hivi. Otis ananunua laptopu kwa Kevo, bei elfu 60, na anamwandikia cheki. Akifika nyumbani na kufungua boksi, anapata kipande cha taili. Anapiga simu benki mbio mbio na kuzuia malipo.

Kevo akienda kortini na hiyo cheki, hapati kitu. Yeye ni mshikaji wa kawaida tu, na Otis atamjibu, “Ulinihadaa.” Kesi imeisha.

Lakini Kevo hakukaa na cheki. Siku ileile aliigeuza, akasaini nyuma na kumpa Mama Shiro, muuza simu, aliyempa simu za elfu 60. Kesho yake Mama Shiro anaipeleka benki, nayo inarudishwa. Sasa Otis atasema nini?

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Sheria ya Kenya kuhusu hati za malipo, Sura ya 27, kifungu cha 29, inamlinda mtu kama Mama Shiro. Tumwite mshikaji wa nia njema. Alipokea cheki iliyojazwa yote, isiyo na dosari usoni. Haikuwa imepitwa na wakati, na hakujua kama imewahi kukataliwa. Alitoa mali ya kweli, na hakuwa na habari ya ule ujanja. Kwa hivyo ule utapeli wa Kevo haumhusu. Otis atamlipa elfu 60, kisha amtafute Kevo mwenyewe. Inauma, lakini ndivyo ilivyo.

Badilisha kitu kimoja tu na mambo yanageuka. Tuseme Kevo alimpa cheki ikiwa tayari ina alama ya benki ya kukataliwa. Au alimpa kama zawadi ya bure. Au Mama Shiro alikuwa amesikia stori ya taili. Hapo anabaki mshikaji wa kawaida, na Otis anaweza kumrushia malalamiko yaleyale ya Kevo.

Tena, Otis akithibitisha kwamba alihadaiwa, mzigo unahamia kwa Mama Shiro: ni yeye wa kuonyesha kwamba alitoa mali, tena kwa nia safi. Kwa hivyo ukipokea cheki ya mtu wa tatu, weka risiti ya ulichotoa, na meseji zenye tarehe usizifute.

Na wewe unayeandika? Chora mistari miwili usoni mwa cheki, na katikati uandike NOT NEGOTIABLE. Bado inaweza kupitishwa, lakini anayeipokea hapati haki kubwa kuliko ya aliyempa. Otis angefanya hivyo, hata Mama Shiro na nia yake safi angekwama palepale alipokwama Kevo.