Sabuni ya Mwani Iuzwe Shilingi Ngapi?

Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na kilio cha wakulima wake, ambao wengi ni wanawake, hakijabadilika sana: bei. Mtu anashinda majini wakati wa bamvua, anavuna, anaanika, anajaza gunia, kisha kilo ya mwani mkavu inamletea fedha kidogo mno. Ndiyo maana baadhi yao wameanza kusaga mwani na kuutia kwenye sabuni. Lakini aliyezoea kupangiwa bei na mnunuzi wa magunia, siku akiwa na sabuni yake mwenyewe mkononi, anaulizwa swali ambalo hajawahi kuulizwa: bei gani?

Tumfuate fundi mmoja wa mfano, mwanamke wa Paje. Bei za malighafi nilizompa ni za mfano pia, kwa hiyo anayetaka kupiga hesabu hizi aweke za sokoni kwake. Njia ni ileile.

Mkupuo wake mmoja una kilo 3 za mafuta ya nazi, kilo 2 za mawese, gramu 790 za soda kali ile tunayoiita kostiki, maji kilo moja na gramu 650, unga wa mwani gramu 100 na mafuta ya makonyo ya karafuu gramu 50. Nazi inamgharimu 27,000, mawese 10,000, soda 4,000, makonyo 10,000. Mwani, pamoja na kuusagisha, ni 500 tu. Tazama hapo: kitu kinachoipa sabuni jina ndicho cha bei ndogo kuliko vyote kwenye ndoo. Tutakirudia.

Ongeza karatasi, kamba na lebo, ambazo ni 400 kwa kipande, pamoja na vitu vidogovidogo kama glavu na umeme. Vyote vikijumlishwa vinafika 76,000. Sasa agawe kwa ngapi?

Hapa ndipo wengi huanza kujipunja bila kujua. Mchanganyiko mbichi una uzito wa karibu kilo 7 na nusu. Akikata vipande vya gramu 120 anapata kama 63, na mkono unatamani kugawa kwa 63. Lakini sabuni haiuzwi siku ya kukatwa. Inakaa kwenye rafu wiki 4 hadi 6 ili ikauke na kukomaa, na katika muda huo maji yanatoka. Kipande cha gramu 120 kinashuka hadi kama 105, kwa hiyo lebo ya kweli itaandikwa gramu 100. Ncha za mche zimepinda, haziuziki kama zawadi. Mafuta ya karafuu nayo yana tabia ya kuufanya mchanganyiko ugande ghafla, na fundi akichelewa kumimina anapata vipande vyenye mashimo. Masika yakiingia, hewa ikajaa unyevu, sabuni hutoa jasho na kulowesha lebo. Basi fundi wetu anahesabu vipande vinavyotoka nje vikiwa vizima: 56. Ncha na vilivyovunjika anawauzia majirani kwa kupima, na fedha hiyo haiingizi kwenye hesabu kabisa. Namuunga mkono, maana fedha usiyoitegemea haiwezi kukudanganya.

76,000 ukigawa kwa 56 ni takriban 1,360 kwa kipande. Mafundi wengi wanaishia hapo, wanaongeza 500, wanauza 1,860 na kusema wana faida.

Faida hiyo ni mshahara wao wenyewe waliojinyima. Fundi wetu aliandika saa zake kwenye daftari kwa mkupuo mmoja: kuchanganya na kumimina saa 3, kukata saa 1, kugeuzageuza vipande kwenye rafu saa 1, kufunga na kubandika lebo saa 4, kupeleka mzigo saa 3. Jumla ni saa 12. Akijilipa 2,000 kwa saa, anaongeza 24,000. Kazi iliyokula muda mwingi zaidi ni kufunga karatasi, wala si kupika. Asingeandika, asingejua.

Kuna pia gharama zisizokaa ndani ya ndoo: leseni, vipimo vya ubora, kodi ya chumba cha kukaushia, vocha, mizani na kalibu zinazochakaa. Kwa mwezi tuziweke 100,000. Akifanya mikupuo 4 kwa mwezi, kila mmoja unabeba 25,000. Sasa jumla ni 125,000, na kipande kimoja kinamgharimu 2,232.

Namba hiyo ina mtego. Inasimama ikiwa tu mikupuo yote 4 inauzika. Akiuza miwili, kila mmoja unabeba 50,000, na gharama ya kipande inapanda hadi karibu 2,680 bila bei ya nazi kusogea hata senti. Yaani gharama inategemea mauzo, na mauzo yanategemea bei, ambayo ndiyo anayoitafuta. Hakuna hesabu ya kulifungua fundo hilo. Kinachowezekana ni kuchagua idadi ya mauzo ambayo hata mwezi mbaya unaiweza, kisha kuipima tena baada ya miezi mitatu.

Sasa aongeze faida. Akisema asilimia 40, anamaanisha asilimia 40 ya nini? Asilimia 40 juu ya gharama inampa bei ya 3,125. Asilimia 40 ya bei yenyewe inahitaji 2,232 igawanywe kwa 0.6, na hapo bei ni 3,720. Tofauti ni karibu 600 kwa kipande, na mikataba mingi na wenye maduka huvurugika hapahapa, kwa sababu mwenye duka anapotaja asilimia anamaanisha ile ya bei ya rafuni.

Akaenda Mji Mkongwe na sampuli. Mwenye duka la zawadi akainusa, akaigeuza, akasema: "Bi mkubwa, nitakuwekea, ila mali kauli, na mimi nachukua asilimia 40." Kama sabuni itakaa rafuni kwa 3,125, fundi atapokea 1,875, ambayo haifiki hata gharama. Bei iliyopatikana kwa kujumlisha gharama na faida ilikuwa sahihi kwa mtu anayeuza mlangoni kwake, na si sahihi popote pengine. Tena mali kauli maana yake analipwa ikishauzwa, labda baada ya miezi miwili, wakati nazi ya mkupuo ujao inataka fedha leo.

Ndipo ikabidi aangalie wenzake wanauzaje. Kosa la kwanza, ambalo nimeliona kwa watu wengi, ni kujilinganisha na sabuni ya kuogea ya kiwandani iliyo kwenye duka la mtaani. Kiwanda kinanunua mafuta kwa tani na mashine inafunga kila kipande kwa kufumba na kufumbua. Ukishindana nacho kwa bei utafunga duka, na mnunuzi wa sabuni hiyo hakuwa anakuja kwako tangu mwanzo. Mshindani wako ni kile kitu ambacho mteja angekichukua kama chako kisingekuwepo. Kwa sabuni ya mwani ya zawadi, mshindani ni sabuni nyingine za mkono, na wakati mwingine si sabuni kabisa bali ni pakiti ya viungo, kwa sababu mtalii anatafuta kitu kidogo chenye harufu ya Zanzibar kinachoingia kwenye begi.

Alipata sabuni tatu za kulinganisha. Moja gramu 80 kwa 5,000, ya pili gramu 120 kwa 9,000, ya tatu gramu 100 kwa 12,000 kwenye duka la hoteli. Ukizitazama hivihivi hazilinganiki. Zigeuze ziwe bei ya gramu moja: shilingi 62.5, 75 na 120. Hapo zinasema kitu. Mbili za kwanza ziko karibu, na kwa kipande cha gramu 100 zinaashiria bei kati ya 6,250 na 7,500. Ya tatu imebeba pango la hoteli na ubaridi wa kiyoyozi chake.

Lakini bei iliyobandikwa si lazima iwe bei inayolipwa. Fundi alifanya jambo la busara: alihesabu vipande vilivyokuwa rafuni, akarudi baada ya wiki mbili akahesabu tena. Ile ya 9,000 ilikuwa imepungua sana. Ile ya 12,000 ilikuwa vilevile, na vumbi juu ya karatasi. Bei ya bidhaa isiyouzika ni matumaini ya mwenye duka tu, wala haistahili kuingia kwenye wastani.

Akaamua 7,000 rafuni. Duka likichukua 2,800, yeye anabaki na 4,200, na akitoa gharama anabakiwa na 1,968. Anayekuja kununua kwake Paje naye anatozwa 7,000. Hili liliwakera ndugu zake, walioona ni uchoyo, lakini mwenye duka akisikia kwamba mtengenezaji anauza nusu bei, sabuni inarudishwa kwenye boksi siku hiyohiyo. Majirani wana zile ncha.

Unaona pengo kati ya 2,232 na 7,000? Hilo ndilo linalolipwa na mwani wa shilingi 500. Hesabu ya gharama haiwezi kuliona, kwa sababu inajua bei ya kitu kilipoingia kwenye ndoo tu. Pengo hilo lipo mradi mteja aamini kuna mwani wa kweli na mkono wa kweli. Mwaka ambao maduka yote ya mtaa huo yatajaza sabuni za mwani, litapungua, na sakafu ya 2,232 ndiyo itakayomwambia asishuke zaidi ya hapo.

Mtihani uliofuata ulikuwa hoteli iliyotaka vipande 300 kwa 2,000 kila kimoja, bila karatasi. Bila karatasi gharama inashuka hadi 1,832, kwa hiyo angebakiwa na 50,400. Ni faida, ndiyo, ila kwa zaidi ya mikupuo mitano, rafu ikiwa imejaa kwa wiki 6 na hakuna nafasi ya sabuni inayomletea 1,968 kwa kipande. Akauliza wageni wanakaa siku ngapi. Nne. Basi sabuni ya gramu 100 ingeishia kwenye pipa la taka ikiwa haijafika nusu.

Akawapelekea vipande vya gramu 30, kwa 900. Meneja aliona bei imeshuka kwa zaidi ya nusu, akakubali. Vipande 300 vya namna hiyo vinatoka kwenye mikupuo miwili. Mapato ni 270,000, gharama pamoja na saa 4 za ziada za kukata ni 213,200, na fundi akabaki na 56,800 huku zaidi ya nusu ya rafu aliyokuwa aitoe kwa hoteli ikiwa bado yake.