Mstari Mweusi Una Atomi Ngapi? Vizigeu vya Einstein na Nguvu ya Mtetemo

Mwanga wa nyota ukitandazwa katika rangi zake, mistari myembamba myeusi huonekana imezikatiza rangi hizo. Kila mstari ni mahali ambapo mwanga umepungua kwa sababu atomi za aina fulani zimeufyonza njiani. Mistari miwili ya sodiamu, iitwayo D1 na D2, iko kwenye manjano, penye urefu wa wimbi wa nanomita 589.6 na 589.0. Ni manjano yaleyale yanayowaka chumvi ikinyunyizwa motoni. Kutambua kwamba mistari hiyo ni ya sodiamu si kazi ngumu. Ugumu ni kujua sodiamu iliyopo ni kiasi gani, maana mstari huweza kukolea kwa sababu atomi ni nyingi, au kwa sababu kila atomi ni nyepesi kufyonza rangi hiyo. Mambo hayo mawili hufika kwenye kipimo yakiwa yamezidishwa pamoja, na anayetaka idadi ya atomi hana budi kwanza kuujua wepesi huo kwa namba.

Mlango wa kuipata namba hiyo ulifunguliwa na Albert Einstein mwaka 1916, alipokuwa Berlin. Alichukua atomi yenye viwango viwili vya nishati, cha chini na cha juu, akaiweka kwenye boksi lililojaa mionzi ya joto. Akasema kuna njia tatu tu za atomi kubadili kiwango. Ya kwanza ni ufyonzaji: atomi ya chini hupokea mwanga na kupanda. Ya pili ni utoaji wa hiari, ambapo atomi iliyo juu hushuka yenyewe na kutoa fotoni bila kusukumwa na mwanga wowote uliopo. Ya tatu ni utoaji wa kuchochewa: mwanga uliopo huifanya atomi ya juu ishuke na kuongeza fotoni nyingine kwenye mwanga huohuo. Kila njia ilipewa kizigeu chake, yaani namba inayopima uwezekano wake. Ufyonzaji una B12, utoaji wa hiari una A21, na utoaji wa kuchochewa una B21. A21 ni uwezekano wa kushuka katika kila sekunde. Zile B mbili huzidishwa kwanza kwa wingi wa mwanga uliopo, kwa kuwa bila mwanga hazina kazi.

Kisha Einstein akadai jambo moja tu: boksi likishatulia katika halijoto yake, atomi zinazopanda ziwe sawa kwa idadi na zinazoshuka. Mgawanyo wa atomi kati ya viwango viwili ulikwisha kujulikana kutokana na kazi ya Boltzmann, na wingi wa mionzi katika kila rangi ulijulikana kutokana na kanuni ya Planck. Ili mizani isimame katika kila halijoto, vizigeu vitatu haviwezi kuwa huru. Lazima vifungamane hivi:

g1 B12 = g2 B21

A21 / B21 = 8πhν³ / c³

Hapa g1 na g2 ni idadi ya hali zilizomo ndani ya kila kiwango, ν ni marudio ya mwanga, h ni namba ya Planck na c ni kasi ya mwanga. Inafaa kusema kwamba njia ya tatu haikuongezwa kama pambo. Ikiondolewa, hesabu haifiki kwenye kanuni ya Planck. Inafika kwenye kanuni ya zamani ya Wien, ambayo hushindwa kwenye mawimbi marefu.

Halijoto haimo kabisa katika mafungamano hayo mawili. Boksi lilikuwa ngazi tu ya kuyafikia, na baada ya hapo linaweza kuachwa, kwani vizigeu ni mali ya atomi yenyewe, iwe kwenye moto, kwenye jua au kwenye anga tupu. Kwa hiyo anayeijua A anazijua na B zote mbili. Atomi inayoshuka haraka yenyewe ndiyo pia inayofyonza kwa nguvu, mradi rangi ni ileile. Sharti hilo la rangi ni zito, kwa sababu ya ile ν iliyopandishwa kwenye kipeo cha tatu. Atomi ya sodiamu iliyopanda kwa mstari wa D2 hukaa juu kwa wastani wa nanosekunde 16.2 tu. Atomi ya haidrojeni inayotoa wimbi la redio la sentimita 21 hungoja kwa wastani wa miaka milioni 11 hivi, ingawa marudio madogo si sababu pekee ya ucheleweshaji huo.

Wanaopima mistari, hata hivyo, mara nyingi hawaitumii B. Wanatumia namba nyingine inayobeba habari ileile, iitwayo nguvu ya mtetemo, na huiandika kwa herufi f. Asili yake ni picha iliyotangulia fizikia ya kwanta. Katika picha hiyo elektroni imefungwa ndani ya atomi kama kwa springi, nayo hutetemeka mwanga wenye marudio yake unapopita. Hesabu ya picha hiyo inasema waziwazi elektroni moja ya namna hiyo itafyonza kiasi gani. Lakini vipimo vilipofanywa, atomi moja ya sodiamu ilitenda kana kwamba ina theluthi mbili za elektroni kwenye D2 na theluthi moja kwenye D1. Visehemu hivyo ndivyo f. Mwaka 1921 Rudolf Ladenburg alionyesha jinsi f inavyofungamana na A ya Einstein, na tangu hapo kisehemu kile cha ajabu kikawa na maana: ni uwezekano wa atomi kubadili kiwango, uliopimwa kwa kulinganishwa na elektroni moja ya springi.

Kwa urefu wa wimbi λ ulioandikwa kwa nanomita, na A kwa kila sekunde, fungamano hilo ni:

f = 1.5 × 10⁻¹⁴ × λ² × (g2/g1) × A

Sodiamu inafaa kwa mfano, kwa kuwa atomi yake ikiwa kwenye kiwango cha juu cha D2 ina njia moja tu ya kushuka. Basi A ni moja kugawanywa kwa muda wa wastani wa kukaa juu. Muda huo hupimwa kwa kuipiga mvuke ya sodiamu kwa mmweko mfupi wa leza na kuangalia mwanga wa manjano unavyofifia baadaye. Nanosekunde 16.2 zinaleta A ya takriban 6.17 × 10⁷ kwa sekunde. Kiwango cha chini kina hali 2 na cha juu kina hali 4, kwa hiyo g2/g1 ni 2. Ukizidisha yote, f ya D2 ni 0.64. Kwa D1 muda ni karibu uleule, ila kiwango cha juu kina hali 2 tu, na f inakuwa 0.32. Jumla ni 0.96, karibu sana na 1, na hilo si bahati. Ipo kanuni inayosema nguvu zote za mistari ya elektroni moja zikijumlishwa zipate moja, na sodiamu imeitumia karibu yote kwenye mistari hii miwili.

Sasa mstari unaweza kusomwa kwa idadi. Mwaka 1919 Mary Lea Heger, kwenye Kituo cha Lick huko Kalifonia, aliona mistari ya D isiyofuata mwendo wa nyota pacha zinazozungukana. Baadaye ilieleweka kwamba sodiamu hiyo imo katika gesi iliyo kati ya nyota hizo na Dunia. Tuseme mstari wa D2 wa namna hiyo umeondoa mwanga ulio sawa na kipande cheusi kabisa chenye upana wa nanomita 0.002. Upana huo, W, hutumika badala ya weusi wa katikati kwa sababu hauharibiwi na kifaa kinachotandaza mstari. Mstari ukiwa hafifu, na urefu wote ukiandikwa kwa sentimita:

W = 8.85 × 10⁻¹³ × λ² × f × N

N ni idadi ya atomi ndani ya nguzo yenye mdomo wa sentimita moja ya mraba, kuanzia kwenye nyota hadi kwenye darubini. Tukiweka W ya 2 × 10⁻¹⁰, λ ya 5.89 × 10⁻⁵ na f ya 0.64, N inakuwa takriban 10¹¹, yaani atomi bilioni mia moja. Hizo ni atomi za sodiamu ambazo hazijapoteza elektroni tu. Kati ya nyota, sehemu kubwa ya sodiamu imekwisha kuipoteza, na hiyo haionekani kwenye mistari ya D.

Hesabu hii hupotoka gesi ikiwa nene. Katikati ya mstari mwanga ukishakwisha, atomi za ziada hazina cha kufyonza, na W huongezeka polepole mno huku N ikipanda. Dalili yake iko kwenye ule mstari wa pili. Kwa kuwa f ya D2 ni mara mbili ya f ya D1, mistari hafifu lazima iwe na W zenye uwiano wa mbili kwa moja. Uwiano ukishuka kuelekea moja kwa moja, mistari imeshiba, na anayeendelea kutumia kanuni ile atapata atomi chache kuliko zilizopo. Dawa mojawapo ni kuhamia mistari mingine ya sodiamu iliyo karibu na nanomita 330, ambayo f zake hazifiki 0.01 na hivyo huchelewa kushiba.

Maabara inayopima sodiamu katika maji ya kunywa haihitaji kuijua f. Mpimaji huandaa vimiminiko vyenye kiasi kinachojulikana, akavipima kwanza, kisha akalinganisha. Kwa nyota hakuna kimiminiko cha kulinganisha, na kosa lolote la f hugeuka kuwa kosa la N kwa kiwango kilekile.

Chuma cha Jua kilionyesha gharama yake. Atomi ya chuma ina maelfu ya mistari, na kila kiwango cha juu kina njia nyingi za kushuka. Muda wa kukaa juu peke yake hautoshi. Lazima ipimwe pia sehemu inayopita kila njia. Jedwali kubwa la nguvu za mistari lililotolewa Marekani mwaka 1962 lilitokana na mwanga wa tao la umeme, na baadaye ikabainika kwamba thamani zake nyingi zilikuwa kubwa kupita kiasi. Kwa f kubwa mno, N hutoka ndogo mno, na chuma kwenye uso wa Jua kikaonekana karibu mara kumi chini ya kile kilichopimwa kwenye vimondo na kwenye tabaka la nje la Jua lenyewe. Wako waliotafuta sababu ndani ya Jua. Mwaka 1969 watafiti wa Kiel, Ujerumani, walitangaza f mpya zilizopimwa kwa tao lililotulizwa vizuri zaidi, na chuma cha Jua kikapanda hadi karibu na kile cha vimondo. Mistari ilikuwa ileile na W zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni f.