Chupa Moja Haitoshi Ushahidi

Ndugu zangu madaktari wa wodini,

Chupa ya damu ya mama mmoja mwenye homa ilionyesha uoto baada ya saa 30. Kwenye hadubini niliona bakteria wa mviringo walioshikana kama kichala cha zabibu. Nilipiga simu usiku uleule, naye akaanzishiwa vankomaisini, dawa inayoweza kuumiza figo. Siku mbili baadaye tulimtambua bakteria huyo: stafilokokasi epidamidisi, mkazi wa kawaida wa ngozi zetu sote. Je, alitoka kwenye damu au kwenye ngozi? Sikuwa na jibu. Nililetewa chupa moja tu, tena damu yenyewe ilivutwa kwenye kanyula ya siku tatu.

Mtu mzima anaweza kuugua vibaya huku mililita moja ya damu yake ikiwa na bakteria asiyezidi mmoja. Ndiyo maana tunawaotesha kwenye mchuzi wa virutubisho mpaka wazaane. Lakini mchuzi huo haubagui: bakteria mmoja aliyeingia na sindano kutoka kwenye ngozi naye huzaana.

Kwa hiyo naomba mtafute mshipa kwanza, kisha msafishe. Sugueni ngozi kwa kloraheksidini ya asilimia 2 iliyo ndani ya spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha muiache ikauke yenyewe kwa sekunde nyingine 30. Hapo pa kukausha ndipo wengi tunapofanya haraka, na dawa hukosa muda wa kuua. Ikishakauka, msipapase tena mshipa kwa kidole. Mpira wa chupa nao upanguswe kwa spiriti, maana kifuniko cha plastiki huzuia vumbi tu, hakiufanyi kuwa safi.

Kwa mtu mzima, vuteni mililita 20, kumi kwa kila chupa, kisha mrudie yote kwenye mkono wa pili. Fanyeni hivyo kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Ila mgonjwa akiwa mahututi, dawa isicheleweshwe kwa ajili ya chupa.

Chupa nne zikifika, naweza kuzisoma. Epidamidisi akiota katika moja tu, yaelekea ametoka kwenye ngozi. Akiota kutoka mikono yote miwili, namchukulia kwa uzito, hasa kwa mgonjwa mwenye valvu ya bandia au mrija kwenye mshipa mkubwa. Stafilokokasi aurea au ishirishia koli ni habari nyingine: hata akiota katika chupa moja, msimpuuze.

Andikeni kwenye kila chupa mkono uliotumika na saa ya kuvuta damu. Msiziweke kwenye friji. Zileteni maabara mara moja, hata usiku wa manane. Nitazipokea.