Mndimu wa kwenye ndoo na maji ya kisima

Wapenda maua wengi wa Dar es Salaam wanaiogopa harufu ya dawa kwenye maji ya bomba. Ukinunua mche kwa wauzaji wa kando ya barabara, huenda ukaondoka na ushauri pia: yalaze maji usiku kucha kabla ya kumwagilia, au yachemshe, au achana na bomba kabisa umwagilie ya kisima, kwa kuwa hayo ni ya asili na hayana kemikali. Ushauri wa kwanza hauna madhara. Wa pili una kazi yake, ingawa si ile inayodhaniwa. Huu wa tatu ndio unaodhoofisha mimea mingi ya kwenye vyungu katika mwambao wetu, na unaidhoofisha polepole kiasi kwamba mwenye mmea hakumbuki kuyashuku maji.

Tuanze na klorini yenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka maji yanapomfikia mtumiaji yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klorini kwa lita, ili vijidudu visipate nafasi ndani ya mabomba. Kwa kawaida kiasi kinachofika nyumbani hakipiti sana nusu miligramu kwa lita. Pua ya mtu huinasa klorini hata ikiwa kidogo hivyo, lakini mizizi haidhuriki. Klorini ina pupa ya kuungana na kitu chochote kilichooza au kilicho hai, na udongo wa chungu umejaa samadi, majani yaliyooza na vijidudu. Ikigusa juu ya udongo huo inaishia palepale, na vijidudu inavyoviua huzaliana upya haraka. Mimea mingi ya vyungu haionyeshi dhara lolote mpaka klorini ipite miligramu 2 hivi kwa lita. Kiwango hicho unaweza kukikuta kwenye maji uliyotia mwenyewe dawa ya kusafishia maji ya kunywa, au kwenye tangi lililotoka kusafishwa kwa klorini. Maji ya namna hiyo yaache kwenye ndoo isiyofunikwa, mahali penye mwanga na hewa, mpaka kesho yake. Klorini nyingi itakuwa imepotea. Samaki wa kufugwa ndio wa kuogopewa klorini hata ikiwa kidogo, kwa sababu matamvua yao hayana udongo wa kuyakinga.

Sasa tutazame kisima. Bomba la Dar es Salaam hutegemea zaidi maji ya Mto Ruvu. Maji ya mto hupita haraka juu ya ardhi, na hayakai ndani ya miamba muda mrefu. Kisima ni jambo jingine. Sehemu kubwa ya mwambao, kuanzia Rasi ya Msasani hadi Unguja, Mombasa na Lamu, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo ni chokaa tupu. Mvua inapozama ardhini huchukua hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na vitu vinavyooza, ikawa na uchachu kidogo. Uchachu huo huyeyusha matumbawe. Maji unayoyavuta kisimani yanaonekana meupe na masafi, kumbe yamebeba chokaa iliyoyeyuka isiyoonekana kwa macho. Hayo ndiyo maji magumu: sabuni haitoi povu upesi, na birika hushika gamba jeupe ndani. Maji ya boza nayo mengine hutoka kisimani, hivyo muulize mwenye gari anakochota.

Chukua mfano wa mndimu uliopandwa kwenye ndoo ya lita 20 pale kibarazani. Tuseme maji ya kisima chake yana miligramu 300 za chokaa kwa lita, kiasi ambacho si cha ajabu kwa kisima cha kwenye matumbawe. Mti unapata lita moja kwa siku. Kwa mwaka mzima ndoo hiyo imepokea gramu 110 hivi za chokaa, ukitoa kidogo kilichochuruzika chini. Maji hunywewa na mti au hukauka kwa jua, chokaa hubaki. Linganisha na klorini: lita moja ya bomba huleta nusu miligramu ya kitu kinachotoweka palepale, na lita moja ya kisima hiki huleta miligramu 300 za kitu kisichoondoka.

Chokaa haiwi sumu kwa mndimu. Inachofanya ni kuubadilisha udongo. Ndimu, malimau, asumini na mawaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo, wa pH kati ya 5.5 na 6.5. Chokaa ikirundikana udongo husogea hadi pH 8 hivi, na hapo madini ya chuma hugeuka kitu kisichoyeyuka. Chuma kimo ndani ya ndoo, lakini mizizi haiwezi kukinywa, na bila chuma jani haliwezi kutengeneza rangi yake ya kijani. Dalili yake ukishaijua huwezi kuikosea. Majani machanga, yale ya nchani, yanatoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama wavu uliochorwa juu ya jani. Manjano yakianzia kwenye majani ya zamani ya chini, na jani zima likipauka pamoja na mishipa, tatizo huwa ni njaa ya naitrojeni, na hapo mti unadai samadi.

Visima vilivyo karibu na bahari vina balaa la pili, nalo ni chumvi. Maji matamu yakivutwa mno, maji ya bahari husogea ndani ya mwamba na kuchukua nafasi yake. Chumvi hukausha jani kuanzia ncha na kingo, likawa la kahawia na kukatika ukiligusa, na kwa kawaida majani ya zamani ndiyo hutangulia. Mara nyingi chokaa na chumvi huja pamoja, zikaacha ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Ili kujua ni ipi, kwangua kidogo na udondoshee siki. Ukoko ukichemka vipovu, hiyo ni chokaa. Usipochemka, utie kwenye maji safi: ukiyeyuka upesi, ni chumvi au mabaki ya mbolea. Kipimo hiki ni cha bure, nami nakiamini kuliko kukisia kwa kuangalia majani peke yake.

Maji ya kuchemsha yanaingia hapa. Kuchemsha hufukuza klorini, kweli, lakini faida yake kubwa ni kwa chokaa. Maji yakichemka, ile hewa ya ukaa iliyosaidia kuyeyusha matumbawe hutoka, na chokaa haina tena cha kuishikilia. Inaganda, nyingine ukutani mwa sufuria, nyingine inatuama chini kama unga. Acha maji yachemke dakika chache, yapoe kabisa, kisha mimina taratibu ukiacha lile vumbi jeupe chini. Ukilikoroga ukalimwaga lote kwenye chungu, umerudisha chokaa yote ulikoitoa. Hata hivyo kuna chokaa kidogo ambayo haitoki, na chumvi haitoki kabisa. Lita 5 za maji ya chumvichumvi zikichemka mpaka zikabaki 4, chumvi yote imo kwenye hizo 4, yaani yameongezeka ukali kwa robo.

Vivyo hivyo kwa madini ya floraidi yanayosumbua maji ya pande za Arusha na Meru, yale yanayotia meno rangi ya kahawia. Isale la kwenye chungu ni jamii ya mimea inayoungua ncha za majani kwa floraidi, na kulichemshia maji ni kulizidishia dhara. Sioni sababu ya kuteketeza mkaa kwa ajili ya maua. Kama nyumbani mnachemsha maji ya kunywa, yanayobaki yakiwa yamepoa yapeni miche michanga na mimea yenye dalili.

Maji ya mvua hayana chokaa, hayana klorini, na chumvi yake ni kidogo mno. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Kipande cha paa cha mita 10 za mraba, mvua ikinyesha milimita 20, hukupa lita 200. Ukiondoa zinazomwagika na kupotea, utabaki na 160 hivi. Mndimu wetu wa lita moja kwa siku umepata maji ya miezi mitano kwa mvua moja ya masika. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie ipite bila kukinga, kwa sababu huosha vumbi, vinyesi vya ndege na, kwa walio karibu na ufuo, chumvi iliyoletwa na upepo wa bahari. Pipa lifunikwe kwa wavu mdogo uliobana, maana mbu aenezaye homa ya dengi hupenda mno kutaga kwenye maji masafi ya namna hiyo.

Si lazima kila mmea upate mvua. Mibogenvilia na minazi huvumilia maji ya kisima vizuri, na mti uliopandwa ardhini una udongo mwingi wa kupunguza makali. Weka pipa kwa ajili ya vyungu vya ndimu, asumini na mawaridi. Likipungua, changanya nusu kwa nusu na ya kisima, na mzigo wa chokaa unapungua kwa nusu. Kama bomba lipo, changanya na la bomba, na harufu isikutishe. Mti unaokunywa mvua tupu usisahauliwe samadi, kwa kuwa maji hayo hayana madini yoyote ya kuulisha.

Kwa mndimu uliokwisha kugeuka manjano, tiba inategemea kile siki ilichokuonyesha. Chumvi huoshwa: mimina maji ya mvua au ya bomba polepole, lita 40 hadi 60 kwa ndoo ya lita 20, yakitoka chini kwa uhuru. Chokaa iliyoganda haioshwi kwa njia hiyo. Siki ndani ya maji huleta nafuu ya siku chache tu, kisha vijidudu huila na udongo ukarudi ulivyokuwa. Misumari yenye kutu inayofukiwa chunguni haisaidii, kwa sababu kutu ni chuma kilekile kisichoyeyuka. Kwenye duka la pembejeo tafuta mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA. Ile ya EDTA hushindwa kazi kwenye udongo wa chokaa. Majani yaliyokwisha kuwa manjano huenda yasirudi vizuri, hivyo angalia yatakayochipua baada ya wiki chache. Yakitoka kijani, una nafasi ya kungoja mpaka mvua zianze, uutoe mti kwenye ndoo, ukung'ute udongo wa zamani kadiri mizizi inavyoruhusu, na uupande upya kwenye mchanganyiko wa udongo wa msituni na samadi iliyooza, usiokuwa na kokoto za matumbawe.