Pua Imetoka, Macho Yamefifia

Picha nyingi za mbwa huonekana nzuri kwenye kioo kidogo, kisha huharibika pale mtu anapozikuza. Pua imetoka vizuri kabisa, hata unyevu wake unaonekana, lakini macho yana ukungu. Aliyepiga anadhani mkono wake ulitikisika au kamera ni mbovu. Mara nyingi si hivyo. Kamera ikiachiwa ijichagulie yenyewe hupenda kufokasi kwenye kitu kilicho karibu nayo zaidi, na kwa mbwa anayeitazama, kitu hicho ni pua.

Uso wa binadamu hausumbui sana kwa jambo hili kwa sababu pua na macho haviachani mbali. Mbwa wa kienyeji wa ukubwa wa wastani ana pua iliyoyatangulia macho kwa takriban sentimita 8 hadi 10, na lenzi inaweza isivitoe vyote viwili. Chukua lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo wengi huinunua mapema kwa kuwa bei yake si kubwa. Kwenye kamera ya sensa ya APS-C, ikifunguliwa mpaka mwisho na mbwa akiwa mita moja mbele yake, sehemu itakayotoka kwa ukali ina kina cha sentimita 3 hivi. Ukali ukiangukia puani, macho yako mbali nje ya mpaka huo.

Tundu la lenzi likipunguzwa hadi f/4, kina hicho hufika sentimita 6. Mpiga picha akirudi nyuma hadi mita moja na nusu bila kugusa kitu kingine, kinafika kama sentimita 14. Nusu mita ya kurudi nyuma inasaidia kuliko mipangilio mingi ya kwenye kamera. Tena humwondolea mbwa ule uso wa ajabu wenye pua kubwa na masikio madogo yaliyokimbilia nyuma, unaotokana na kumkaribia mno.

Bado kamera inatakiwa kuambiwa ifokasi wapi. Kwenye nyingi, njia ya uhakika ni kuacha ule mpangilio wa kujichagulia na kutumia nukta moja ya fokasi, kisha kuiweka kwenye jicho lililo karibu na lenzi. Kamera mpya zisizo na kioo cha ndani zinaweza kulitafuta jicho la mnyama zenyewe: Sony walileta uwezo huo mwaka 2019, na mwaka 2020 Nikon wakauongeza kwenye Z6 na Z7, huku Canon wakiutoa na EOS R5. Ni msaada mkubwa, ila una mipaka. Manyoya yakifunika macho, au mbwa akigeuza kichwa upande kabisa, kamera hurukia pua au sikio, na mwenye kamera asipoangalia kile kisanduku kidogo kinachozunguka jicho hatajua mpaka afike nyumbani.

Mtihani mgumu zaidi ni mbwa mweusi. Tuseme anaitwa Simba, ana macho ya kahawia iliyokoza, na anakaa barazani saa mbili asubuhi. Ukimtazama kwa macho ya kawaida unamwona vizuri, lakini kamera inaona bonge la giza lisilo na mistari ya kushika. Fokasi inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwama. Sababu ni kwamba kamera hufokasi kwa kutafuta mahali ambapo mwanga na giza vinakutana, na kwenye jicho jeusi lililozungukwa na manyoya meusi hakuna mahali kama hapo. Linaloliokoa jicho la Simba ni nukta ndogo nyeupe, yaani mwanga wa nje unaojiakisi kwenye mboni.

Kwa hiyo kazi inaanza na kumgeuza Simba kabla ya kugusa kitufe chochote. Akae ndani ya kivuli cha baraza, hatua moja au mbili tu kutoka ukingoni, uso wake ukielekea uwanjani kwenye anga iliyo wazi. Mpiga picha akae upande wa uwanja, kidogo pembeni ili asiuzibe mwanga. Hapo anga lote linaingia machoni mwa mbwa. Nukta nyeupe inatokea sehemu ya juu ya kila jicho, ile kahawia inaanza kuonekana, na fokasi inapata pa kushika, yaani ukingo wa nukta hiyo au mstari wa kope. Simba huyohuyo akikalishwa nyuso yake ikitazama ukutani, macho yanageuka mashimo mawili, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoyarudisha.

Kwa mwanga huo wa barazani, f/4 na kasi ya shata ya 1/500 hufanya kazi vizuri, ISO ikiwa kati ya 800 na 1600. Wengi huogopa kupandisha ISO kwa sababu ya chembechembe, wakashusha kasi hadi 1/60. Hilo ni kosa la gharama. Mbwa aliyekaa kimya bado anahema, anatikisa masikio na kuinamisha kichwa ghafla, na kwa 1/60 mwendo huo mdogo unatosha kuyafuta macho. Chembechembe chache kwenye picha hazimsumbui mtazamaji, lakini jicho lililopakazwa halirekebishiki. Akianza kukimbia, 1/1000 ndiyo pa kuanzia.

Jambo moja tena kuhusu rangi yake. Mbwa mweusi akijaza fremu, kamera inadhani pana giza na inaongeza mwanga kupita kiasi. Simba anatoka wa kijivu na ukuta nyuma yake unaungua kwa weupe. Kupunguza mwanga kwa theluthi mbili za hatua, au hatua nzima, humrudishia weusi wake. Mbwa mweupe anataka kinyume chake.

Picha zikishapigwa, zikuzwe hapohapo kabla Simba hajaruhusiwa kuondoka, maana ukungu wenyewe hueleza ulikotoka. Pua au shingo ikiwa kali na macho yamefifia, fokasi iliangukia mahali pasipo penyewe. Kila kitu kikiwa na ukungu unaovutika upande mmoja, pamoja na vigae na ukuta, mkono wa mpiga picha ndio uliocheza. Vigae vikiwa vikali lakini kichwa cha mbwa kimepakazwa, mbwa alisogea na kasi ya shata ilikuwa ndogo. Kila ugonjwa una dawa yake, na anayeongeza kasi wakati tatizo ni fokasi atapiga siku nzima bila kupata nafuu.

Sasa macho yametoka, lakini huenda Simba bado anaonekana kama mtu aliyesimamishwa kupigwa picha ya kitambulisho. Hapa urefu wa kamera una nguvu kubwa. Akipigwa na mtu aliyesimama, anainua shingo, weupe wa macho unajitokeza chini na mwili unaishia kuonekana kama mkia uliobandikwa nyuma ya kichwa. Mpiga picha Mmarekani Elliott Erwitt, aliyefariki mwaka 2023, alilijua hilo kuliko wengi. Katika picha yake maarufu ya New York ya mwaka 1974, kamera iko chini kabisa: kushoto ni miguu mirefu ya mbwa jitu, katikati buti za mwanamke, kulia kambwa kadogo aina ya chiwawa kamevaa kofia. Kwa kuwa lenzi iko usawa wa macho ya hako kadogo, ndiko kanakokuwa mwenye picha, na wakubwa wanabaki miguu tu. Kwa Simba aliyekaa, usawa huo unapatikana kwa mpiga picha kuketi sakafuni, au kulala kifudifudi mbwa akilala.

Lenzi kubwa ikimkodolea mbwa kwa karibu humtia wasiwasi. Aachwe ainuse kamera, asikie mlio wa shata mara kadhaa, kisha aachwe aendelee na shughuli zake. Anayelamba midomo bila chakula mbele yake, anayepiga miayo mfululizo, anayelaza masikio nyuma au kugeuza uso huku akitazama kwa pembe ya jicho, anasema amechoka. Picha za dakika hizo hutoka kali na bado hazipendezi, kwa sababu wasiwasi unasomeka usoni hata kwa mtu asiyewajua mbwa. Kumshika kwa nguvu kunauongeza tu. Apumzishwe.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kumwita jina: “Simba! Simba! Simba!” Mara ya kwanza anainua masikio na kutazama, mara ya nne hajali tena. Sauti ngeni, kama ulimi kugongwa kinywani au mfuko wa biskuti kukwaruzwa, hufanya kazi mara chache tu, kwa hiyo isitupwe ovyo. Fremu ipangwe kwanza, fokasi iwekwe jichoni, kidole kiwe tayari kwenye kitufe, ndipo sauti itoke, mara moja, karibu na lenzi. Masikio yanasimama, mdomo unafungwa, na kwa sekunde moja hivi uso wote umeamka. Hapo zipigwe picha kadhaa mfululizo. Msaidizi akisimama mbali pembeni, mbwa atamtazama yeye na picha itabaki na macho yaliyokwenda kando. Na jua likishapanda, Simba atakuwa anahema ulimi nje, mdomo hautafungwa hata kwa biskuti. Ndiyo maana ya ile saa mbili asubuhi.

Paka ana pua fupi, hivyo tatizo la umbali kati ya pua na macho hupungua, lakini mboni zake huja na lao. Kwenye jua la mchana husinyaa zikawa mstari mwembamba wa wima na kumpa sura kali; akiwa kivulini zinapanuka na uso unalainika. Paka aliyetulia pia hufumba macho polepole. Utafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth uliochapishwa mwaka 2020 uligundua kuwa paka wana mwelekeo zaidi wa kumsogelea mtu asiyemfahamu akiwa amewafumbia macho hivyo kuliko anayewatazama bila hisia usoni. Mpiga picha anaweza kufanya vivyo hivyo, akasubiri macho yafunguke tena. Flashi iachwe kabisa: nyuma ya retina ya paka na mbwa kuna utando unaoakisi mwanga, na flashi iliyo karibu na lenzi hurudi ikiwa taa za kijani au njano mahali pa macho.

Kwa mwenye simu, kanuni za mwanga na urefu ni zilezile, ila simu nyingi hujichagulia kasi zenyewe. Dawa yake ni kumtoa mnyama ndani na kumleta barazani au mlangoni, kwa kuwa mwanga ukiwa mwingi simu inapandisha kasi yenyewe. Jicho liguswe kwenye kioo na kidole kikae hapo mpaka fokasi ijifunge. Mbwa akisogea, liguswe upya. Mpangilio wa kutia ukungu nyuma hukata sharubu na ncha za manyoya ya masikio, na kwa paka mwenye manyoya marefu madoa hayo yanaonekana wazi. Bora ukungu huo upatikane kwa kumweka mnyama mbali na ukuta, mita tatu au nne, na kutumia lenzi ya mara mbili kama simu inayo, mpigaji akiwa amerudi nyuma ile mita moja na nusu.