Picha ya mbwa mgonjwa imepotea? Maelezo haya yatamsaidia daktari

Wiki hii msikilizaji mmoja alitupigia akiwa na wasiwasi. Mbwa wake wa ulinzi ananyonyoka manyoya. Alikuwa amempiga picha vizuri, lakini simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji na picha zote zikapotea. Daktari wa mifugo yuko mbali, nauli ni ya kubana, naye anataka kujua amweleze nini kwa simu kabla ya kufunga safari.

Picha inaonyesha ngozi ilivyo siku ile tu. Haionyeshi tatizo lilianza lini wala mbwa anajikuna vipi usiku, na hayo ndiyo daktari atakayouliza.

Chukua karatasi, chora umbo la mbwa mara mbili, ubavu wa kulia na wa kushoto. Si lazima uwe fundi wa kuchora. Tia kivuli pale paliponyonyoka, kisha andika ukubwa kwa kitu anachokijua kila mtu: kifuniko cha soda, kiganja. Andika pia ngozi ya pale ikoje. Ni nyekundu? Ina magamba kama mba? Imekuwa nene na nyeusi? Inatoa maji au harufu?

Mahali penyewe panasema mengi. Viroboto hupenda mgongo wa chini, karibu na shina la mkia. Upele unaoletwa na utitiri wa ngozi huanzia kwenye kingo za masikio, viwiko, vifundo vya miguu ya nyuma na tumbo. Mapunye mara nyingi huacha mabaka ya mviringo yenye magamba na manyoya yaliyokatika, na huenda mbwa asijikune sana.

Halafu jiulize: kilitangulia nini, kujikuna au kunyonyoka? Mbwa aliyeanza kwa kujikuna huenda amejinyonyoa mwenyewe kwa kucha na meno. Aliyenyonyoka kwanza bila kuwashwa ana tatizo la aina nyingine. Mwangalie pia akila na akilala. Akiacha chakula ili ajikune, au akiamka usiku kwa sababu hiyo, mwambie daktari hivyo hivyo. Neno "anajikuna sana" peke yake halimpi picha.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya. Shika ncha ya sikio lake, uisugue taratibu kwenye ngozi ya sikio hilo hilo. Mguu wa nyuma ukianza kupigapiga kama anayejikuna, upele wa utitiri unashukiwa zaidi, ingawa si uthibitisho. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Sasa chakula, ambacho wengi hukilaumu haraka. Msikilizaji wetu alisema chanzo ni dagaa. Tulipohesabu naye kwa siku za gulio, dagaa walianza kununuliwa gulio la tatu nyuma, na mbwa alianza kujikuna gulio mbili kabla ya hapo. Kilichokuja baadaye hakiwezi kuwa chanzo. Kwa hiyo orodhesha alichokula kwa miezi miwili, na tarehe ya kila mabadiliko: pumba, ugali, maziwa, mifupa, mabaki ya sherehe. Usiache chakula cha zamani kwa kudhani hakina neno, maana mzio wa chakula unaweza kuzuka kwa kitu ambacho mbwa amekila kwa miaka.

Tulipomuuliza kama kuna mtu nyumbani anayewashwa, akanyamaza kidogo. Mtoto anayecheza na mbwa huyo ana vipele mikononi na tumboni. Hilo hakupanga kulitaja kwa sababu aliona ni habari ya zahanati. Kumbe ni habari ya daktari wa mifugo pia, kwani utitiri wa upele wa mbwa huwasha watu, na mapunye huambukiza. Mtoto naye apelekwe zahanati, na huko watajwe mbwa.

Taja kila dawa uliyompaka. Oili chafu ya gari, ambayo bado inatumika vijijini, inaunguza ngozi na ni sumu mbwa akijilamba. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ikikosewa vipimo inaweza kumuua. Siku mbili tatu kabla ya safari usimpake wala usimwogeshe, ili daktari aione ngozi kama ilivyo.

Akifika, daktari huenda akakwangua ngozi kwa wembe na kuangalia kwa hadubini. Utitiri huu hujificha, na mara nyingi hauonekani hata kama upo. Hapo daktari anaweza kuamua kutibu kwa kufuata maelezo yako: masikio na viwiko, usiku bila usingizi, mtoto mwenye vipele. Ikiwa ni upele huo, mbwa wote wa nyumbani watatibiwa kwa pamoja, hata wasiojikuna, na magunia wanayolalia yatachomwa au kufuliwa kwa maji ya moto.